Kahawa nyumbani: kabati, friji au friza?

Maswali ni yale yale kila wiki. Niiweke kahawa kwenye friji? Ya kilo moja niliyonunua nitaimalizaje kabla haijapoteza harufu? Mbona ikitoka kwenye friza inaonja kama karatasi? Nimeyajibu kipande kipande mara nyingi, kwa hiyo leo nayaweka yote pamoja.

Jibu fupi kwa mwenye haraka: kahawa utakayoimaliza ndani ya wiki mbili hadi nne ikae kabatini, kwenye chombo kinachofungwa vizuri. Friji iache. Friza inafaa, na inafaa kweli, ila kwa kahawa ambayo huigusi kwa sasa, iliyogawanywa mafungu, ikafungwa barabara, na isiyofunguliwa mpaka ipoteze ubaridi wote. Ukikosa sharti moja kati ya hayo, ni heri ungeiacha kabatini.

Nazungumzia zaidi kahawa ya punje iliyokaangwa, inayosagwa nyumbani. Ya unga na ile ya kukoroga nitazigusa njiani.

## Vitu vya kuwa navyo

Hakuna kifaa cha ajabu hapa. Tafuta:

- Kahawa yenye tarehe ya kukaangwa kwenye mfuko. Tarehe ya mwisho wa matumizi haikusaidii sana, maana huweza kuwa mwaka mzima au zaidi baada ya kukaangwa.
- Chombo cha kabatini chenye mfuniko wenye mpira, kisichopitisha mwanga, na kisichozidi sana ukubwa wa kahawa yako. Mfuko wa kahawa wenyewe unatosha kama una tabaka la ndani linalong'aa, zipu na kile kitundu cha valvu.
- Mifuko minene ya zipu, ile inayouzwa kwa ajili ya friza, kwa kahawa ya akiba. Mifuko laini ya plastiki ya kubebea bidhaa haifai, kwani inapitisha harufu.
- Mizani ya jikoni. Kama huna, kijiko kile kile kila siku kitakupa makadirio.
- Selotepu na kalamu ya wino usiofutika.

Mashine ya kutoa hewa kwenye mifuko ukiwa nayo ni sawa, itumie. Usiende kuinunua kwa ajili ya kahawa peke yake.

## Nadharia kidogo tu

Kahawa ikishakaangwa inakuwa kavu sana na yenye vitundu vidogo vidogo ndani. Vitundu hivyo vimejaa gesi ya kaboni dioksidi iliyotokana na moto wa kukaangia, pamoja na mafuta na harufu zote tunazozipenda. Siku za mwanzo gesi inatoka kwa wingi na inaondoka na sehemu ya harufu. Oksijeni nayo inaingia na kuyaharibu mafuta taratibu. Joto linaharakisha mambo yote mawili, mwanga unachangia, na unyevu ndio mbaya kuliko vyote, kwa sababu kitu kikavu chenye vitundu hunyonya maji haraka na hunyonya harufu ya jirani vilevile.

Ndiyo maana kahawa ya unga haina subira. Ukisaga punje moja unapata mamia ya chembe, na kila chembe ina uso wake unaokutana na hewa. Punje zinaweza kukaa vizuri wiki kadhaa, lakini unga huanza kupoteza harufu saa ile ile uliosagwa, na ndani ya siku chache tofauti inaonekana wazi kikombeni. Kama unaweza kununua kimoja tu kati ya chombo cha kifahari cha kuhifadhia na mashine ndogo ya kusagia ya mkono, nunua mashine.

Kubali pia kwamba hakuna chombo kinachoirudisha kahawa ilikotoka. Kuhifadhi ni kuchelewesha tu.

## Hatua kwa hatua

Nitafuata mfano mmoja mwanzo mpaka mwisho: umenunua kilo 1 ya punje, imekaangwa siku 7 zilizopita, na unakunywa peke yako kikombe kimoja kikubwa kila asubuhi kinachotumia gramu 18.

### 1. Piga hesabu kabla ya kufungua

Gramu 1000 gawanya kwa 18 ni siku 55 na ushei. Ongeza siku 7 ambazo kahawa imeshakaa, na kikombe cha mwisho kitakuwa cha kahawa yenye umri wa miezi miwili. Kahawa ya punje iliyohifadhiwa vizuri kabatini huwa tamu mpaka kama wiki 4 hadi 6 tangu kukaangwa. Baada ya hapo hainyweki kwa shida, ila inakuwa butu: uchungu upo, harufu haipo. Kwa hiyo katika mfano wetu karibu theluthi ya mwisho ya kilo ingenyweka ikiwa imefifia. Hapa friza ina kazi.

Sasa badili hesabu. Mngekuwa watu watatu nyumbani, kila mmoja na gramu 18 zake, kilo hiyo ingekwisha kwa siku 18 hivi. Hapo friza ni kujisumbua bure. Iweke kabatini na muinywe.

Nalisisitiza hili kwa sababu wengi huanza na swali la "niweke wapi" wakati swali la kwanza ni "nitaimaliza lini". Na kama unaweza kununua gramu 250 kila wiki mbili badala ya kilo kwa mkupuo, huhitaji hatua zinazofuata, isipokuwa ile ya 3.

### 2. Angalia kama imeshapumua

Kahawa iliyotoka kukaangwa jana haifai kufungiwa kwenye chombo kisicho na valvu. Gesi inayotoka ni nyingi kiasi cha kuvimbisha mfuko mpaka ukawa mgumu kama mpira, au kuufyatua mfuniko wa chombo. Iache kwanza kwenye mfuko wake wenye valvu, kabatini. Iliyokaangwa hadi ikawa nyeusi hupumua haraka, siku 3 hadi 5 zinatosha. Iliyokaangwa kidogo, yenye rangi ya hudhurungi iliyopauka, inahitaji wiki au hata zaidi.

Muda huu wa kupumzika hauharibu kahawa, tena huiboresha. Gesi ikiwa nyingi mno, maji ya moto hayaingii vizuri kwenye unga na kikombe kinakuwa kikali na chepesi kwa wakati mmoja.

Kahawa ya mfano wetu ina siku 7. Iko tayari.

Tahadhari: usiiwahishe friza ukidhani unahifadhi ubichi wake. Ndani ya friza kupumua nako kunasimama karibu kabisa, kwa hiyo ikitoka itabidi uisubiri tena zile siku ulizokwepa.

### 3. Tenga ya sasa, iweke kabatini

Pima gramu 250. Hizo ni siku 14 za vikombe vyako. Ziache kwenye mfuko wake wa awali: kila ukimaliza kuchota, kunja mfuko kutoka juu kuja chini huku ukikamua hewa, kisha funga zipu. Ukitumia chombo, chagua ambacho gramu 250 zinakijaza karibu mpaka juu. Chombo cha kilo chenye robo kilo ndani ni robo tatu hewa, na hewa hiyo inabadilishwa upya kila unapofungua.

Mahali pa kukiweka ni penye giza, pakavu, na penye ubaridi wa kawaida wa chumba. Kabati la chini mbali na jiko ni zuri. Rafu iliyo juu ya jiko ndiyo inayopendwa na watu wengi na ndiyo mbaya kuliko zote, kwa sababu inapata joto na mvuke kila mnapopika. Juu ya friji nako si pazuri. Friji nyingi hutoa joto nyuma na juu yake. Chupa ya kioo dirishani inapendeza machoni, lakini mwanga unaingia mchana kutwa. Kama kioo unakipenda, kiweke ndani ya kabati.

Tahadhari: usimimine kahawa mpya juu ya mabaki ya zamani. Kuta za chombo zina mafuta ya kahawa iliyopita, na mafuta hayo yakishaharibika yanaiambukiza mpya harufu nzito kama ya karanga zilizokaa muda mrefu. Maliza, osha kwa sabuni isiyo na manukato, kausha kabisa, halafu jaza. Kukausha ni pamoja na ule mpira wa mfuniko, ambao wengi huusahau.

### 4. Friji iruke

Friji ya nyumbani hukaa kwenye nyuzijoto 4 hivi. Ubaridi huo unapunguza kasi ya kuharibika, hilo ni kweli. Tatizo ni namna tunavyoitumia. Chombo cha kahawa ya kila siku kinatoka asubuhi kikiwa baridi, kinafunguliwa, hewa yenye unyevu ya jikoni inaingia na kuzigusa punje baridi, na maji yanajishika juu yake. Ni lile jasho unaloliona kwenye chupa ya soda iliyotolewa sasa hivi, isipokuwa kwenye punje hulioni kwa sababu zinalinyonya papo hapo. Kisha unafunga unyevu ndani na kurudisha. Kesho tena.

Halafu kuna harufu. Kahawa kavu hunyonya harufu vizuri kiasi kwamba wapo wanaoweka bakuli la unga wa kahawa kwenye friji makusudi, ili iondoe harufu ya samaki na vitunguu. Kwa kazi hiyo inafaa sana. Ila usiinywe.

Je, mfuko ambao haujafunguliwa kabisa, uliofungwa kiwandani? Huo friji haitaudhuru sana. Faida yake pia ni ndogo, na kama unataka kuulaza muda mrefu, friza iko pale pale juu au chini ya friji hiyo hiyo. Nikiulizwa, sioni kahawa ya punje au ya unga ambayo friji ndiyo mahali pake bora. Kahawa iliyokwisha kupikwa kwa maji baridi ni jambo jingine. Hicho ni kinywaji, na ndani ya friji ndipo kinapostahili kukaa.

### 5. Gawanya ya friza

Zimebaki gramu 750. Zigawanye mafungu matatu ya gramu 250. Kila fungu liingie kwenye mfuko wake wa zipu. Bonyeza hewa yote itoke: funga zipu ubakize upenyo wa kidole kimoja, lalia mfuko kwa viganja kutoka chini kwenda juu, kisha malizia zipu. Kunja sehemu iliyobaki na uishike kwa selotepu. Hatimaye weka mifuko yote mitatu ndani ya mfuko mmoja mkubwa wa zipu, au kwenye chombo chenye mfuniko mgumu. Tabaka la pili ndilo linalozuia harufu, na ndilo linaloilinda zipu ya kwanza isifunguke ikisukumwa na vitu vingine.

Ukitumia mfuko wa awali wenye valvu, ziba kitundu hicho kwa selotepu kabla ya kuingiza kwenye friza. Valvu imetengenezwa kutoa gesi nje, na kwa kawaida inazuia hewa isiingie. Lakini gesi iliyomo ikipoa inasinyaa na kuvuta kwa ndani, na mimi siiamini valvu ndogo ya plastiki kwenye baridi kali.

Andika juu ya kila mfuko: jina la kahawa, tarehe ya kukaangwa, tarehe ya kuingia friza. Baada ya mwezi mifuko yote itakuwa inafanana.

Tahadhari: ukubwa wa fungu ndio kila kitu. Fungu liwe lile utakaloweza kulimaliza kwa wiki moja au mbili baada ya kutoka. Mfuko mmoja wa gramu 750 unaochotwa kila asubuhi na kurudishwa ndani ni ile hadithi ya friji tena, tena mbaya zaidi, maana kadiri punje zinavyokuwa baridi ndivyo zinavyovuta maji mengi kutoka hewani.

Kwa kahawa ya unga fuata utaratibu huu huu lakini punguza: mafungu ya siku 4 au 5, si ya wiki mbili. Unga ukishafika kwenye joto la chumba unaendelea kufifia kwa kasi yake ya kawaida.

### 6. Iweke ndani kabisa, uisahau

Friza ya kawaida ya nyumbani iko kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Weka mifuko nyuma, mbali na mlango, ambako ubaridi haupandi na kushuka kila mtu anapochukua barafu. Kahawa iliyokaangwa ina maji kidogo mno, asilimia chache tu, kwa hiyo haigandi ikapasuka kama nyanya. Inabaki punje zile zile, ila kila kitu ndani yake kinakwenda polepole sana.

Miezi 3 haina wasiwasi. Miezi 6 bado unaweza kuinywa na kuifurahia, kama mfuko haukuvuja. Katika mfano wetu fungu la mwisho litakaa friza wiki 6 tu.

### 7. Itoe usiku, ifungue asubuhi

Hii ndiyo hatua inayoharibiwa na wengi, na ndiyo inayoipa friza sifa mbaya. Usiku wa siku ya 13, wakati fungu la kabatini linakaribia kwisha, toa mfuko mmoja. Uweke mezani ukiwa umefungwa. Usifungue kunusa. Usifungue kuona kama uko salama. Utaona jasho linajitokeza nje ya mfuko. Ndipo unapotakiwa liwe, nje. Kwa gramu 250 usiku kucha unatosha.

Asubuhi gusa mfuko pale katikati, si pembeni. Kama bado unahisi ubaridi, subiri. Kama ni sawa na joto la chumba, futa maji ya nje kwa kitambaa, fungua, na uihamishie kwenye chombo cha kabatini kilichooshwa na kukauka. Kuanzia hapo ni kahawa ya kabatini kama nyingine. Hairudi friza.

Ukifuata ratiba hiyo, mafungu yatatoka usiku wa siku ya 13, ya 27 na ya 41, na kilo nzima itakwisha kwenye siku ya 55 bila kahawa yoyote kukaa kwenye joto la chumba zaidi ya wiki tatu tangu kukaangwa, ukiondoa muda wa friza.

### Njia ya kando: kipimo cha kikombe kimoja

Kuna wanaoona kusubiri usiku kucha ni adhabu. Kwao ipo njia hii: badala ya mafungu ya gramu 250, pima gramu 18 moja moja kwenye vichupa vidogo vyenye mfuniko wa kukaza, na uvijaze karibu mpaka juu. Asubuhi unatoa kimoja, unamimina punje zikiwa baridi moja kwa moja kwenye mashine, na unasaga hapo hapo. Jasho halipati muda wa kuleta madhara, kwa sababu dakika chache baadaye unga wenyewe unakutana na maji ya moto.

Jua tu kwamba punje baridi husagika tofauti. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walisaga punje zilizopozwa kwa viwango mbalimbali, hadi nyuzi 196 chini ya sifuri kwa kutumia naitrojeni ya kimiminika, wakaona kwamba kadiri zinavyopoa ndivyo chembe zinavyokuwa ndogo na kukaribiana kwa ukubwa. Nyumbani utaliona hilo kwa kikombe kuwa kizito kidogo, au maji kupita taratibu kuliko kawaida. Sogeza mashine upande wa unga mkubwa kidogo, mambo yatakaa sawa. Lakini chagua moja: ukisaga leo punje baridi na kesho zenye joto la chumba, utahangaika na mashine kila siku.

Kama kahawa yako ni ya kunywa tu uamke, njia hii ni kazi nyingi kwa faida ndogo. Kwa kahawa nzuri unayotaka idumu, inalipa.

## Mambo yakienda kombo

Mfuko umevimba kabatini. Haijaharibika. Ni gesi ya kahawa mpya na mfuko hauna valvu, au valvu imeziba. Fungua kidogo, kamua, funga.

Nikimwaga maji ya moto unga hauvimbi wala kutoa povu. Gesi imekwisha, na mara nyingi harufu imeondoka nayo. Angalia tarehe ya kukaangwa na muda tangu uliposaga. Usiitupe: tumia gramu moja au mbili zaidi kwa kikombe, au ipike kwa maji baridi usiku kucha, ambako ufifio hauonekani sana. Kumbuka tu kwamba kahawa iliyokaangwa kidogo haivimbi sana hata ikiwa mpya, kwa hiyo amini pua kabla ya povu.

Punje zinang'aa mafuta. Kama zimekaangwa hadi zikawa nyeusi, ni kawaida yake, mafuta yanatokeza juu. Kahawa ya namna hiyo huwahi kuharibika, ipe wiki 3 au 4 tu kabatini. Kama ni punje za hudhurungi ambazo wiki iliyopita zilikuwa kavu, zimekaa mahali penye joto. Hamisha chombo.

Nimefungua mfuko wa friza mapema na punje zimelowa. Zitandaze kwenye sinia kavu kwa saa moja, ziweke kabatini, uzinywe ndani ya siku tatu nne. Usizirudishe friza, na usizianike juani. Ukisaga zikiwa na umajimaji, unga utaganda kwenye meno ya mashine. Ikiwa ni ya unga na imefanya mabonge, ipike siku hiyo hiyo.

Kuna chembe za barafu ndani ya mfuko. Zipu ilivuja. Maji hayo hayakutoka kwenye kahawa, yameingia na hewa ya friza, na harufu imeingia nayo. Subiri ipoteze ubaridi, fungua, nusa. Kama inanukia samaki hakuna dawa, ipe kazi ya kuondoa harufu kwenye friji.

Umeme ulikatika na friza ikayeyuka. Usifungue mifuko ya kahawa. Kahawa kavu si nyama, haiozi kwa siku moja ya joto. Umeme ukirudi, mifuko ambayo haijafunguliwa na haijavuja inaweza kubaki humo. Ulio na shaka nao utoe, uwe wa kwanza kunywewa.

Tarehe ya mwisho imepita. Ikiwa ilikaa kavu na haina ukungu, tatizo lake ni ladha tu. Ukiona ukungu, yaani utando mweupe au wa kijani wenye manyoya na harufu ya kitu kilichovunda, tupa yote. Usichague punje nzuri.

Kahawa ya kukoroga imekuwa jiwe kwenye kopo. Imevuta unyevu, na mara nyingi unyevu umeletwa na kijiko kilicholowa, au kopo kufunguliwa juu ya sufuria inayotoa mvuke. Hii haihitaji friji wala friza hata siku moja. Inahitaji kijiko kikavu na mfuniko uliokazwa.

Nina buni ambazo hazijakaangwa. Hizo ni za tabia nyingine. Zina maji asilimia 10 hadi 12, na zikiwa kwenye mfuko mahali pakavu na baridi zinakaa miezi mingi bila shida. Usiziweke chini kwenye sakafu, wala karibu na sabuni au mafuta ya taa. Zinanyonya harufu kama ndugu zao waliokaangwa.